Pesa imekatwa kwangu, mwenye duka anasema haijaingia

*Habari za kazi, Mshauri. Mimi ni fundi nguo. Ijumaa jioni nilikwenda kununua cherehani, tukakubaliana 380,000. Nikalipa kwa simu kwenye namba ya malipo iliyobandikwa kaunta. Laini yangu ni ya mtandao mmoja, namba ya duka ni ya mtandao mwingine. Jina la duka lilitokea, nikaweka namba ya siri, pesa ikakatwa palepale na meseji ikaingia: umelipa, jina la duka, namba ya muamala, saa 17:42. Keshia akaangalia simu ya duka, hakuna kitu. Tukasubiri mpaka wanafunga.*

*Jumamosi nikapiga huduma kwa wateja ya mtandao wangu. Wakasema hela imeshatoka kwao, mwenye duka aulize upande wake. Mwenye duka akauliza, akawasomea namba yangu ya muamala, wakamjibu muamala huo hawana. Sasa ananitazama kama tapeli. Anasema nilipe tena, ile ya kwanza ikiingia atanirudishia. Shemeji yangu ananiambia niombe muamala urudishwe. Cherehani naihitaji kwa kazi ya wateja. Nifanye lipi?*

*Fundi Nguo*

---

Dada Fundi, kati ya hayo mawili usifanye lolote kwa sasa. Usilipe mara ya pili kwa ahadi ya mdomo, na usiombe muamala urudishwe. Kuna kazi ya kufanya kwanza, na nyingi inamhusu mwenye duka kuliko wewe.

Jina la duka kutokea kabla hujaweka namba ya siri ni habari njema. Kwa kawaida jina hilo halitoki kwenye mtandao wako. Mtandao wako huuliza mtandao wa pili, "namba hii ni ya nani?", na jibu ndilo unaloliona kwenye skrini. Kwa hiyo hukukosea namba, na dakika ileile mitandao miwili ilikuwa inazungumza. Kilichokwama kimekwama baada ya hapo.

Ungekuwa umelipa ndani ya mtandao mmoja, jibu langu lingekuwa fupi. Ndani ya mtandao mmoja, kukatwa kwako na kuingia kwa mwenye duka ni tukio moja kwenye daftari moja: yote mawili yanafanyika au hakuna linalofanyika. Meseji yenye namba ya muamala ikishatoka, pesa iko kwenye namba uliyoilipa, na linalobaki ni mwenye duka kutazama mahali panapostahili.

Wewe umevuka mtandao, na hapo madaftari yako mawili, ya makampuni mawili yasiyofunguliana vitabu. Mtandao wako unakata pesa kwako kwanza na kuiweka pembeni, kwenye akaunti yake ya kati. Kisha unapeleka maagizo kwa mtandao wa pili, mara nyingi kupitia kituo kinachounganisha mitandao: "mpe mwenye namba hii 380,000." Mtandao wa pili unaandika kwenye daftari lake, halafu unajibu "nimempa" au "nimekataa." Likija jibu la kukataa, labda kwa sababu akaunti ya duka imefungwa au imefika kikomo cha kupokea, pesa kwa kawaida hurudi kwako yenyewe na meseji ya kurudishiwa inakuja.

Tatizo ni pale jibu lisipokuja kabisa. Mtandao wako unasubiri muda uliowekwa, muda unapita, kimya. Hapo haujui kama maagizo yalipotea njiani kabla duka halijapewa, au duka limepewa na kilichopotea ni jibu. Ukikurudishia wewe na kumbe duka limepokea, wameitoa pesa mara mbili. Kwa hiyo wanaiacha ilale kwenye akaunti ya kati mpaka pande zote mbili zilete orodha za miamala ya siku na kulinganisha mstari kwa mstari. Mara nyingi kazi hiyo hufanyika siku ya kazi inayofuata, na wewe umelipa Ijumaa jioni. Wanaposema "subiri", ujue kuna kazi halisi nyuma ya neno hilo, hata kama yule aliyekujibu hakujisumbua kukueleza.

Na ile meseji ya "umelipa"? Inathibitisha kwamba daftari la mtandao wako limekukata. Haithibitishi kwamba daftari la pili limeandika. Baadhi ya mitandao huandika "malipo yanashughulikiwa" kwanza na "umelipa" baada ya jibu kurudi, na huo ndio utaratibu wa haki. Mingine hukutumia "umelipa" pesa ikishatoka tu.

Sasa tuje kwa mwenye duka, kwa sababu pengine pesa anayo na hajui. Simulaumu kwa kukataa kukupa cherehani kwa sababu ya meseji iliyo kwenye simu yako. Meseji za kughushi na picha za skrini zilizochezewa zimewafilisi wengi, na mfanyabiashara anayetoa mzigo kwa kuangalia simu ya mteja hatadumu. Lakini kama hapaswi kuiamini meseji yako, asiifanye meseji yake kuwa hakimu pia. Kutokuja kwa meseji si ushahidi kwamba pesa haikuja. Meseji ni barua inayotumwa baada ya daftari kuandikwa, nayo inaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, au isifike kabisa kwa sababu simu ya duka ilikuwa nje ya mtandao au laini yenye namba ya malipo ilitolewa ikawekwa kwenye simu nyingine. Nimeona pia maduka ambako meseji za malipo huenda kwa mwenye biashara nyumbani, na keshia anakaa akitazama simu isiyohusika.

Mwombe afungue menyu ya namba yake ya malipo, yeye mwenyewe na si keshia, achukue taarifa ya miamala ya Ijumaa na Jumamosi. Nasema yeye mwenyewe kwa sababu keshia mara nyingi hupewa ruhusa ya kupokea tu, taarifa kamili haioni. Na asitazame salio peke yake. Namba nyingi za biashara zimepangwa kuhamishia pesa benki usiku. Atakuta salio ni sifuri Jumamosi asubuhi na kuapa kwamba hakuna kilichoingia, wakati 380,000 zako zimeshalala kwenye akaunti yake ya benki zikiwa zimechanganywa na mauzo mengine ya siku ile.

Duka likiwa linatumia mashine ya malipo badala ya simu, mambo ni yaleyale. Mashine inasubiri taarifa kupitia intaneti, na taarifa isipofika itaonyesha hujalipa hata kama daftari limeandika.

Nimefika kwenye jambo ambalo nadhani ndilo limewazungusha ninyi wawili. Mwenye duka aliwasomea watu wake namba yako ya muamala, wakasema hawana. Bila shaka hawana! Namba ile imetolewa na mtandao wako kwa ajili ya daftari la mtandao wako. Muamala ukivuka, mtandao wa pili huupa namba yake, na kituo cha katikati nacho huweza kuupa namba ya tatu. Mhudumu anayetafuta namba ya mtandao mmoja kwenye mfumo wa mtandao mwingine atapata ukurasa mtupu hata kama pesa imeingia salama. Kwa hiyo jibu la "hatuna muamala huo" halijathibitisha lolote. Baadhi ya mitandao huibeba namba ya mtumaji kama kumbukumbu ya pembeni, lakini mhudumu lazima aitafute kwenye sehemu hiyo, na wengi huandika kwenye kisanduku cha kwanza wanachokiona.

Mwenye duka apige tena na aombe utafutaji wa aina nyingine: malipo yaliyoingia kutoka mtandao wa nje, kiasi 380,000, kutoka namba yako ya simu, tangu saa 17:30 Ijumaa mpaka mwisho wa Jumamosi. Kiasi na namba ya simu haviwezi kubadilika njiani. Saa inaweza, kwa sababu muamala uliokwama na kusukumwa upya huandikwa kwa saa ulipoingia. Na mnapotaja saa, isomeni kama ilivyoandikwa, kumi na saba na dakika arobaini na mbili. Ukisema "saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili" mhudumu anaweza kutafuta 11:42, akakuambia hakuna kitu, na atakuwa amesema kweli.

Kwa upande wako, piga tena huduma kwa wateja, lakini usiulize "pesa yangu iko wapi?" Swali hilo lina jibu la kukariri, nawe umeshalipata. Waulize hali ya muamala huo kwenye mfumo wao ni ipi: umekamilika, umekataliwa, au bado unasubiri. Kisha uliza kama mtandao wa pili umerudisha jibu. Wakisema umekamilika na jibu limerudi, waombe namba ya kumbukumbu ya upande wa pili au ya kituo cha kuunganisha. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea mwenye duka, na watu wake wataiona. Wakisema umekataliwa, uliza pesa itarudi lini, halafu subiri meseji ya kurudishiwa na uihakikishe kwenye taarifa yako ya miamala. Wakisema unasubiri, basi umelala kwenye ule ukimya niliokueleza, na utasubiri ulinganishaji wa hesabu.

Vyovyote watakavyosema, usikate simu bila namba ya malalamiko. Maongezi ya simu yasiyo na namba hiyo, kwao ni kama hayakutokea. Andika tarehe, saa na walichosema, kwa sababu kila ukipiga utampata mtu mwingine atakayeanza upya.

Shauri la shemeji ni la nia njema lakini linafaa ugonjwa mwingine. Ombi la kurudisha muamala limewekwa kwa aliyetuma pesa mahali asipokusudia. Ukiliwasilisha unasema, "nilikosea, huyu hakustahili." Mtandao wako huwauliza wa upande wa pili, pesa ikikutwa kwenye akaunti ya duka inaweza kuzuiliwa, na mwenye duka anaulizwa kama anakubali irudi. Fikiria anavyokutazama sasa, halafu siku pesa inapoingia akute imefungiwa kwa ombi lako la tangu Jumapili. Tena ombi hilo linaweza kukwama kwa sababu muamala wenyewe haujafikia hali ya kukamilika, na mfumo haurudishi kisichokamilika. Lako lifunguliwe kama malalamiko ya malipo ambayo hayajamfikia mpokeaji. Mhudumu akikuelekeza kwenye kurudisha, mkatalie kwa adabu. Mambo yatabadilika kama wewe na mwenye duka mtakubaliana kuvunja mauziano. Hapo ombi la kurudisha litakuwa na kibali chake tangu mwanzo.

Kuhusu kulipa mara ya pili, naelewa wateja wanadai nguo zao. Kama huwezi kusubiri, mwombe kwanza akuwekee cherehani pembeni mpaka Jumanne, kwa amana ndogo ukiweza. Akikataa na ukaamua kulipa yote, lipa taslimu au kwa laini ya mtandao uleule wa duka, ili malipo ya pili yasipite njia iliyokwama. Na kabla pesa haijatoka mkononi mwako, aandike kwenye risiti au karatasi yenye muhuri wa duka kitu kama hiki: "Mteja amelipa 380,000 leo. Ijumaa alilipa 380,000 kwa simu, muamala namba kadha wa kadha, kutoka namba hii. Malipo hayo yakiingia yatarudishwa kwenye namba hiyohiyo." Atie sahihi na tarehe. Mkubaliane pia nani atabeba ada ya kurudisha, maana kutuma kutoka namba ya biashara kuna makato, na nimeona watu walioelewana kwa laki kadhaa wakigombana kwa ada.

Karatasi hiyo inamlinda yeye pia. Pesa ikiingia Jumatatu bila maelezo, atakuwa na sababu ya kujua ni ya nani, na mrithi wa zamu ya keshia hataihesabu kama mauzo.

Jambo jingine la tahadhari. Watu wakishachoka kuzungushwa huandika malalamiko kwenye kurasa za mitandao ya kijamii za kampuni, wakiweka na namba ya simu na ya muamala. Baada ya muda mfupi anapiga mtu mwenye sauti laini, anakutajia kiasi na saa kamili, anasema yuko idara ya miamala iliyokwama. Amevisoma ulipoviandika. Atakuomba namba ya siri, au tarakimu zilizoingia kwenye meseji, au utume kiasi kidogo "kufungua muamala." Hakuna mtandao unaohitaji hata kimoja kati ya hivyo ili kulinganisha hesabu zake. Kata simu, kisha wewe upige namba rasmi.

Nakuandikia leo Jumapili, kwa hiyo hivi ndivyo ningepanga siku zako. Leo muonyeshe mwenye duka barua hii, atoe taarifa ya miamala na apige simu kwao kwa utaratibu nilioueleza. Wewe fungua malalamiko upate namba. Jumatatu mpaka jioni muache ulinganishaji ufanyike. Jumanne asubuhi nyote wawili mtazame taarifa zenu upya. Jambo la aina hii huisha hapo mara nyingi, ama pesa imeingia dukani kwa saa isiyotarajiwa, ama imerudi kwako.

Isipokuwa hivyo, nendeni pamoja kwenye ofisi ya mtandao wako. Kwa nini wako? Kwa sababu wao ndio waliokukata, na mpaka waonyeshe kwamba upande wa pili umepokea, deni ni lao. Peleka nakala ya meseji, taarifa yako ya miamala inayoonyesha makato, taarifa ya duka isiyoonyesha mapokezi, na namba ya malalamiko. Zile taarifa mbili zikiwekwa mezani pamoja, kauli ya "ulizeni upande wa pili" haina pa kusimama tena. Omba jibu la maandishi na uulize muda wao wa kulitoa.

Muda huo ukipita kimya, karatasi hizohizo ndizo utakazopeleka kwa msimamizi. Katika nchi nyingi mifumo ya malipo inasimamiwa na benki kuu, nayo huwa na dawati la malalamiko ya wateja. Watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni na ukasubiri muda wake, na hapo ndipo ile namba ya malalamiko ya leo itakapokusaidia.